Kabaka Mutesa wa Kwanza alizaliwa 1837 au 1838? Kwa nini vitabu vinaandika "takribani"?

#1 Mama wa Nyakato

Ndugu zangu, habari za jioni. Naandika kutoka Nyakato, hapa Mwanza, na jambo lenyewe lilianzia mezani kwangu wakati wa chakula. Binti yangu yuko kidato cha pili, na wiki iliyopita shuleni kwao kulikuwa na shindano la maswali ya historia. Aliulizwa mwaka aliozaliwa Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda, akajibu 1838, akanyimwa alama kwa kuwa karatasi ya majibu ilisema 1837. Alirudi nyumbani analia, kwa sababu kitabu alichosomea kimeandika 1838, na nimekiona kwa macho yangu. Nikaazima kitabu kwa jirani, nacho kinasema "takribani 1837". Cha tatu tulichokipata kimeandika "1837/38".

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba vyote vitatu vinakubaliana juu ya kifo chake, Oktoba 1884. Inawezekanaje mtu mmoja mwezi wa kufa ukajulikana lakini mwaka wa kuzaliwa usijulikane? Naomba mwenye ujuzi anieleze kwa kituo, maana nataka kumjibu mtoto jibu la kweli, si la kumtuliza.

#2 Kikokotoo

Mama, jibu ni 1837 na hesabu yake ni fupi. Mzungu wa kwanza kumwona Mutesa alikuwa Speke, yuleyule aliyelifikia ziwa letu hapa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Katika safari yake ya pili alipita Karagwe, akafika kwenye jumba la Kabaka Februari 1862, akaandika kwamba mfalme alikuwa kijana mrefu, mwenye umbo zuri, wa miaka 25. Toa 25 kwenye 1862, unabaki na 1837. Walioandika 1838 wamekosea kutoa.

#3 Mwana wa Nansio

Nashukuru kwa uzi huu, umekuja wakati mwafaka. Baba yangu naye ana tatizo hilohilo. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1958, lakini bibi, Mungu amrehemu, alikuwa akituambia kwamba ziwa lilipofurika wakati wa uhuru yeye alikuwa bado anambeba baba mgongoni. Ofisi moja ilimwandikia tarehe hiyo miaka mingi iliyopita bila hata kumuuliza, na sasa kila anapokwenda kurekebisha anaambiwa alete cheti ambacho hakijawahi kuwapo. Naomba kujua utaratibu wa kubadilisha mwaka wa kuzaliwa.

#4 Mzee wa Nyaraka

Mama wa Nyakato, nimefanya kazi ya kutunza nyaraka za zamani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali la binti yako ni zuri kuliko swali aliloulizwa kwenye shindano. Nitalijibu kwa utaratibu, na Mwana wa Nansio nitamrudia, maana ingawa amekuja kuulizia mambo ya ofisini, ameleta mfano unaotufaa sana.

Nianze na ndugu Kikokotoo, ambaye chanzo chake ni sahihi kabisa lakini amekiamini kupita uwezo wake. Kwanza, hata hesabu yenyewe haitoi 1837 moja kwa moja. Mtu aliyetimiza miaka 25 na hajafikisha 26 mwezi Februari 1862 alizaliwa kati ya Februari 1836 na Februari 1837. Zaidi ya miezi 10 katika hiyo 12 iko ndani ya 1836. Kwa hiyo kama Speke angekuwa na uhakika wa umri ule, mwaka wenye nafasi kubwa zaidi ungekuwa 1836, ambao haumo katika kitabu hata kimoja kati ya vile vitatu. Kutoa umri kwenye mwaka hukupa miaka miwili, si mmoja, mpaka ujue siku ya kuzaliwa imepita au bado.

Pili, na hili ndilo kubwa, Speke hakuambiwa umri. Alimtazama mtu aliyeketi juu ya blanketi jekundu, mbele ya watu wa baraza lake, akakisia. Jicho la mgeni linalokisia umri wa kijana mzima hukosea kwa miaka mitatu, minne, hata mitano, kwenda mbele au nyuma. Ukiruhusu kosa la miaka mitano kila upande, "miaka 25" inakuwa miaka 20 hadi 30, na mwaka wa kuzaliwa unaangukia popote kati ya mwanzo wa miaka ya 1830 na mwanzo wa miaka ya 1840. Hicho ndicho ushahidi wa Speke unachoweza kubeba. Neno "takribani" limewekwa pale ili msomaji ajue kwamba tarakimu ya mwisho imetokana na makisio, na kitabu kinacholiondoa kinampa msomaji uhakika ambao mwandishi mwenyewe hakuwa nao.

#5 Karani wa Igoma

Shikamoo Mzee. Naomba kuongeza jambo moja nililoliona mwenyewe. Nilikuwa karani wa sensa mwaka 2022, nikapangiwa mtaa wenye wazee wengi. Nilipouliza umri, vijana waliniambia 23, 31, 19. Wazee waliniambia 60, 70, 75, 80. Mzee mmoja aliniambia ana 70, mdogo wake wa tumbo moja ameketi pembeni, naye akasema ana 70, na hawakuwa mapacha. Tulifundishwa kwamba umri unaoishia na sifuri au tano unapokuwa mwingi kupita kiasi, ujue watu wanakadiria. Nilipoona Speke ameandika 25, jambo la kwanza nililojiuliza ni kwa nini isiwe 24 au 26.

#6 Mzee wa Nyaraka

Marahaba, binti yangu. Umegusa penyewe, na nina mfano wa pili unaokuunga mkono, tena ndani ya familia ileile. Baba yake Mutesa alikuwa Kabaka Suna wa Pili. Burton, aliyekuwa na Speke katika safari ya 1858, hakufika Buganda, lakini huko Kazeh, yaani Tabora, alipata habari kutoka kwa wafanyabiashara Waarabu waliokwisha kufika. Mmoja wao, Snay bin Amir, alikuwa ameingia Buganda mwaka 1852. Kutokana na habari hizo Burton akaandika kwamba Suna, walipomwona kwa mara ya mwisho, alikuwa mtu wa miaka 45 hivi. Nayo inaishia na tano.

Sasa tufanye hesabu. Ukichukua 1852 kuwa ndio mwaka walipomwona, ukaondoa 45, unapata 1807. Lakini vitabu vingi vinasema Suna alizaliwa takribani 1820 na kutawazwa akiwa kijana mdogo sana, takribani 1832. Tofauti hiyo ni ya miaka 13. Ama wafanyabiashara walimwona Suna mzee kuliko alivyokuwa, ama mwaka 1820 haukukokotolewa vizuri. Binafsi naelekea kuamini kwamba jicho ndilo lililokosea, maana mapokeo yanamtaja kuwa alitawazwa angali mtoto. Hata hivyo siwezi kulithibitisha, kwa sababu 1820 nao ni mwaka uliopatikana kwa kurudi nyuma kutoka kutawazwa kwake, na mwaka wa kutawazwa ukapatikana kwa kurudi nyuma kutoka mahali pengine.

#7 Kikokotoo

Mzee, nakubali kwamba Speke alikisia. Lakini basi tuseme ukweli: tatizo letu ni kwamba Buganda hawakuwa na maandishi. Wangekuwa nayo, tusingekuwa tunabishana.

#8 Omuziba

Ndugu Kikokotoo, hapo naomba tusiende haraka. Mimi ni Mhaya wa Kiziba, jirani kabisa na Buganda, na nimelelewa na watu waliojua mambo ya huko. Buganda walihifadhi kuzaliwa kwa Mutesa kwa uangalifu mkubwa, ila hawakuhifadhi kile unachokitafuta wewe. Jina la mama yake, Muganzirwazza, linajulikana. Inajulikana kwamba alizaliwa akaitwa Mukabya, na jina la Mutesa likafuata baadaye. Na kwa desturi ya Kiganda kitovu cha mtoto wa mfalme hakitupwi: hukaushwa, hupambwa, hutunzwa kama pacha wake, na huitwa mulongo. Watu wanaotunza kitovu cha mtoto maisha yake yote hawawezi kuambiwa kwamba hawakujali kuzaliwa kwake.

Walihifadhi kile kilichoweza kuleta ugomvi. Mfalme wa Buganda hufuata ukoo wa mama yake, kwa hiyo mama ni nani lilikuwa jambo la kufa na kupona kwa koo zote. Mwaka haukuamua lolote. Hata kuwa mkubwa hakukusaidii, kwa kuwa mwana wa kwanza wa kiume, anayeitwa Kiwewa, kwa desturi hakuruhusiwa kurithi kabisa. Kwa hiyo ilitosha kujua nani ni wa kwanza, na wengine waliobaki hakuna aliyewapanga kwa miaka.

#9 Mzee wa Nyaraka

Omuziba amesema jambo ambalo ningetaka kila mwalimu wa historia alisikie. Ndugu Kikokotoo hajakosea kabisa, kwa sababu rekodi iliyoandikwa siku ya kuzaliwa ingelimaliza suala. Ila maandishi peke yake hayatoshi, ni lazima pawe na mtu mwenye sababu ya kuandika siku ileile. Tippu Tip alizaliwa Zanzibar, katika jamii iliyojua kusoma na kuandika, na alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Hata hivyo anaanza na umri, miaka kumi na miwili aliposhika safari, wala si mwaka. Ndiyo maana utakuta vitabu vimemwekea 1832, vingine 1837, na kifo chake vyote vinasema Juni 1905.

Na hapo ndipo lilipo jibu la Mama wa Nyakato kuhusu Oktoba 1884. Mutesa alizaliwa akiwa mmoja wa watoto wengi wa Suna, na hakuna aliyejua kwamba huyu ndiye atakayetawala. Alikufa akiwa Kabaka, na mjini kwake walikuwapo wamisionari wanaoandika shajara na barua kila siku. Mwanawe Mwanga ni vilevile. Huyu ndiye aliyekimbilia huku kwetu mwaka 1888 alipopinduliwa, akafikia Magu na kisha kwa mapadre wa Bukumbi. Vitabu vingine vinasema alizaliwa 1866, vingine 1868, kwa kutegemea kama unaamini alikuwa na miaka 18 au 16 alipotawazwa mwaka 1884. Lakini siku aliyokufa uhamishoni Shelisheli inajulikana, tarehe 8 Mei 1903, kwa kuwa mfungwa wa dola ana watu wa kumwandikia.

#10 Mama wa Nyakato

Mzee, nimekuelewa, na binti yangu ameketi hapa anasoma pamoja nami. Anauliza hivi: kama Speke alikisia tu, kwa nini basi vitabu vyote vinazunguka 1837 na 1838? Mbona hakuna kinachosema 1832 au 1842?

#11 Mzee wa Nyaraka

Mwambie swali lake ni la mtafiti. Jibu ni kwamba kisio moja likiwa legevu unatafuta mengine yasiyotokana nalo, kisha unaangalia yanakutana wapi.

Kamba ya kwanza ni jicho la Speke, nalo tumeona linatupa miaka kama kumi. Kamba ya pili ni kutawazwa. Suna alikufa kwa ndui akirudi kutoka vitani Kiziba, kwao Omuziba, na Katikiro, yaani waziri mkuu, Kayira akamwinua Mutesa, kijana ambaye wakubwa waliona wataweza kumwongoza. Kijana wa namna hiyo hawezi kuwa mtoto wa miaka kumi wala mtu wa miaka thelathini. Tukimpa kati ya miaka 16 na 20, na tukijua kwamba vitabu vinasitasita kati ya 1856 na 1857 kuhusu mwaka aliokufa Suna, tunapata kuzaliwa kati ya 1836 na 1841, ukiongeza au kupunguza mwaka mmoja pembeni. Zingatia kwamba hata nanga tuliyofungia kamba hii inacheza kwa mwaka mzima.

Kamba ya tatu ni baba. Kama Suna alizaliwa takribani 1820, hangeweza kuwa na mtoto kabla ya 1836 hivi. Lakini kama Waarabu wa Burton walikuwa sahihi na alizaliwa 1807, kamba hii haituzuii kitu. Kwa hiyo mimi siitegemei sana.

Ukiziweka pamoja, zinakutana kuanzia 1836 hadi 1841. Miaka 1837 na 1838 imo humo, iko karibu na kisio la Speke, na mwandishi mmoja akishaiandika, wa pili huichukua kwake. Hapa pana mtego. Ukiona vitabu kumi vinasema 1838 usihesabu mashahidi kumi, maana huenda wote walimsoma mmoja. Hata wageni waliofika baada ya Speke si mashahidi huru. Stanley alipomtembelea Mutesa mwaka 1875 alikuwa amekwisha kukisoma kitabu cha Speke. Ningeandika mimi kitabu hicho, ningeweka "takribani 1838", na katika maelezo ningesema wazi kwamba inaweza kuwa miaka miwili au mitatu huku au kule.

#12 Kikokotoo

Sawa, Mzee, nimerudi nyuma hatua moja. Ila bado naona kwamba "1837/38" ni bora kuliko "takribani 1838", kwa sababu inatupa mipaka.

#13 Mzee wa Nyaraka

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe zaidi, ndugu yangu. Alama ile ya mkwaju kati ya 1837 na 38 ina maana yake. Inafaa pale unapojua kwa hakika kwamba ni mmoja wa miaka miwili, ila hujui ni upi. Chukua mfano wa barua ya mwambao inayosema mtoto fulani alizaliwa mwaka 1253 wa Hijra, bila kutaja mwezi. Mwaka huo ulianza Aprili 1837 ukaisha Machi 1838. Hapo unaandika 1837/38 kwa haki, kwa sababu nje ya hapo hawezi kuwa. Kwa Mutesa hatuna karatasi kama hiyo. Kuandika mkwaju kwake ni kumwambia msomaji kwamba tumebakiza miezi 12 tu ya shaka, na ukweli ni kwamba tuna miaka mitano au sita.

Kuna na jambo jingine kuhusu Hijra ambalo huwapotosha wengi. Mwaka wake ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi. Mzee aliyesema ana miaka 70 kwa hesabu hiyo, kwa kalenda ya kawaida ana 68 kamili kasoro kidogo. Ukiondoa 70 bila kuuliza ni miaka gani, umemzeesha kwa miaka miwili.

#14 Kikokotoo

Bado napendelea mkwaju kuliko neno "takribani" lisilo na mwisho, lakini la Hijra sikulijua. Ahsante.

#15 Mwana wa Nansio

Shikamoo Mzee. Uliahidi kunirudia.

#16 Mzee wa Nyaraka

Marahaba, mwanangu, sikukusahau. Utaratibu wa ofisini watakueleza wanaohusika, lakini mwaka wa baba yako naweza kukusaidia kuutafuta, na njia ni ileile ya Mutesa.

Bibi alisema ziwa lilipofurika alikuwa anambeba mgongoni. Ziwa lilianza kupanda na mvua za mwishoni mwa 1961, likaendelea mpaka likafika kilele mwaka 1964. Hilo si tukio la siku moja, ni la miaka karibu mitatu, na mtoto wa kubebwa ana kati ya miezi michache na miaka miwili au zaidi kidogo. Kwa hiyo sentensi ya bibi peke yake inakupa kuanzia 1959 hadi 1964, na tayari inatilia shaka 1958. Upana huo unatokana na urefu wa tukio lenyewe, wala si kwamba bibi alisahau. Sasa ubane. Je, alitaja maji yaliingia wapi? Shamba lililo kando ya maji lilifunikwa mapema, na nyumba iliyo juu kidogo ilifikiwa baadaye, kama ilifikiwa.

#17 Mwana wa Nansio

Nimempigia shangazi sasa hivi. Anasema bibi alikuwa akitaja mpunga wa bondeni kuoza, na kwamba walihamisha mitumbwi ikafungwa kwenye mwembe ambao zamani ulikuwa mbali na maji. Baba alikuwa mgongoni wakati wa mpunga. Wakati wa mwembe alikuwa anakimbia, na alipigwa kwa kuusogelea ule mtumbwi.

#18 Mzee wa Nyaraka

Shangazi yako ni hazina. Mpunga ulioza mwanzoni, na mtoto anayekimbia na kuadhibiwa kwa kusogelea mtumbwi si chini ya miaka miwili. Kama mwembe ulifikiwa karibu na kilele, basi baba yako hakuzaliwa baada ya katikati ya 1962, na kwa kuwa alikuwa bado wa mgongoni maji yalipoanza kupanda, hakuzaliwa mbali kabla ya 1959. Nenda kauangalie ule mwembe kama bado upo, na uulize parokiani kama alibatizwa akiwa mtoto, kwa sababu daftari la ubatizo la mtoto mchanga huandikwa siku chache au wiki chache tu baada ya kuzaliwa. Ukikuta alibatizwa mkubwa, umri ulioandikwa humo nao ni wa kukisia, usiuchukue kama wa hakika.

#19 Karani wa Igoma

Mama wa Nyakato, mtoto alirudishiwa alama?

#20 Mama wa Nyakato

Bado. Nimekwenda leo na vile vitabu vitatu. Mwalimu amevitazama kwa heshima, akakubali kwamba majibu yote mawili yalipaswa kupokelewa, lakini anasema matokeo yamekwisha kutangazwa na mkuu wa shule ndiye mwenye uamuzi. Binti yangu hasemi tena habari za alama. Tangu jana anauliza ni kipi kati ya 1856 na 1857 ndio mwaka aliokufa Suna.

#21 Omuziba

Mwambie huko ndiko kwetu kunakohusika, maana jeshi la Suna lilikuwa likitoka Kiziba. Desemba nakwenda nyumbani. Nitawauliza wazee kama kuna simulizi juu ya ndui ile na msimu iliokuja.

#22 Mzee wa Nyaraka

Ukienda, usiwatajie mwaka hata mmoja. Ukisema 1856 watakukubalia kwa adabu. Waulize kwanza ni nani aliyekuwa mtawala wa Kiziba jeshi lilipokuja, nini kilikuwa shambani, na watu walikula nini baada yake. Andika maneno yao kama walivyoyasema, kwa Kihaya, kabla ya kuyatafsiri.